Kununua kiwanja Shinyanga na Geita: Mpaka huhama, hasara hubaki kwa mnunuzi

KIANGAZI ni msimu wa biashara ya viwanja katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Mpunga umekwishavunwa, fedha za mazao na za dhahabu zimo mikononi, na ardhi imekauka kiasi kwamba gari linaweza kupita hata mahali ambapo mwezi Machi hapapitiki kwa miguu. Mnunuzi huoneshwa uwanja tambarare, bei nafuu, maji karibu na lami upande wa pili. Mwenyekiti wa mtaa huitwa, mashahidi hutia saini na fedha huhesabiwa.

Kile ambacho mnunuzi haoneshwi ni mstari. Kati ya kiwanja chake na mto, ziwa au barabara upo mpaka uliowekwa na sheria, ambao ndani yake hapaswi kujenga. Mara nyingi mstari huo haujachorwa ardhini. Muuzaji haujui au hataki kuutaja, na mwenyekiti hana kifaa cha kuupima. Hujitokeza baadaye, ama maji yanapoingia ndani, ama mtu wa serikali anapofika na kopo la rangi na kuchora alama ya X ukutani.

Tatizo la ukanda huu, hata hivyo, halitokani na kutojua sheria peke yake. Wapo wanunuzi waliowahi kusikia habari za mita 60 za mto na mita 30 za barabara, wakapima kwa hatua zao, wakaridhika, na bado wakajikuta ndani ya eneo lililokatazwa. Sababu ni kwamba namba hizo hupimwa kuanzia mahali panapohama. Ukingo wa mto humomonyoka, ziwa hupanda na kushuka, na barabara ya vumbi hupandishwa daraja. Namba hubaki ileile, lakini mstari husogea.

Sheria inasema nini

Kwa upande wa maji, msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto, au bwawa la maji. Nyumba ya tofali ni shughuli ya kudumu bila ubishi. Katazo hilo halitofautishi kiwanja kilichopimwa na kisichopimwa, wala mtu aliyenunua kwa nia njema na yule aliyevamia usiku.

Kabla ya hapo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikwishampa waziri uwezo wa kutangaza eneo kuwa ardhi hatarishi, na katika orodha ya ardhi za namna hiyo ikataja ardhi oevu na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Hapa kuna tofauti ambayo wanunuzi wengi huikosa. Mto una namba, yaani mita 60. Ardhi oevu yenyewe haina namba ya namna hiyo, na kiwanja kilichomo ndani yake kimo chote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi wa kiwanja cha bondeni ni kama eneo lenyewe ni bonde la maji. Umbali wa mto ni swali la pili.

Kwa upande wa barabara, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009 zilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa. Awali hifadhi hiyo ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, jumla mita 45. Baada ya sheria hiyo ikawa mita 30 kila upande, jumla mita 60. Ukanda wa mita 7.5 ulioongezeka kila upande ndio uliozaa migogoro mingi, na utazungumziwa mbele.

Mto usio na maji

Mito mingi ya Shinyanga ni ya msimu. Manonga na vijito vyake hubeba maji mengi masika, kisha hubaki mifereji mipana ya mchanga ambamo watu huchimba visima vya kuchota maji na kupakia mchanga wa ujenzi. Mtu anayefika Agosti haoni mto, anaona njia ya mchanga. Anapoambiwa apime mita 60, huanza kupima pale alipoona unyevu wa mwisho, katikati ya mfereji. Kosa hilo peke yake linaweza kumpunguzia mita 20 au zaidi, kwa sababu sheria inataja ukingo. Ukingo wa mto wa msimu ni pale mfereji unapoishia mto ukiwa umejaa, hata kama siku ya kupima hakuna tone la maji.

Wasukuma wa zamani hawakuhitaji futi ya kupimia kulijua jambo hili, kwani waliisoma ardhi kwa udongo wake. Juu ya mteremko kuna luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka, na huko ndiko walikojenga kaya zao. Chini yake huja itogolo, udongo mgumu ambao maji hutuama juu yake. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ulioachwa kwa malisho, pamba na mpunga. Mpangilio huo ulikuwa ramani ya matumizi bora ya ardhi kabla ya ofisi za mipango miji kuwapo. Miji ilipopanuka, luseni ikajaa, na viwanja vikaanza kukatwa mbugani.

Dalili za mbuga hazifichiki kwa anayejua kutazama. Kiangazi udongo hupasuka nyufa ambazo mkono unaweza kuzama. Tuta dogo lililonyooka katikati ya uwanja mara nyingi ni mabaki ya jaruba la mpunga, na penye jaruba maji yalikuwa yakituama kwa miezi. Takataka za majani na matete yaliyonasa kwenye matawi ya miti huonesha kimo ambacho maji yalifikia. Nyumba za jirani zenye nyufa za mshazari kuanzia pembe za madirisha ni ushahidi kwamba udongo huvimba masika na kunywea kiangazi, ukiinua na kushusha msingi. Vyoo vya shimo vinavyojaa maji kila masika ni ushahidi mwingine, tena hutolewa bure na majirani kwa yeyote anayeuliza.

Mfano mmoja unatosha kuonesha hesabu ilivyo. Chukulia kiwanja chenye upana wa mita 30 na urefu wa mita 40 kinachoelekea mto. Muuzaji anasema kiko mbali na mto, kwani kutoka mpaka wake wa chini hadi kwenye mchanga wenye unyevu ni mita 60 kamili. Ukipima kutoka ukingo halisi, umbali ni mita 35 tu. Maana yake mita 25 za kwanza za kiwanja zimo ndani ya eneo lililokatazwa. Katika mita za mraba 1,200 alizolipia, mnunuzi anaruhusiwa kujenga kwenye ukanda wa mita 15 kwa 30, yaani mita za mraba 450. Amelipia kiwanja kizima na kupata kinachozidi kidogo theluthi moja.

Hayo ni kabla mto haujahama. Kingo za mchanga na mfinyanzi huliwa na mafuriko, hasa upande wa nje wa kona, na uchimbaji wa mchanga huongeza kasi. Ukingo ukiliwa mita 5 katika misimu kadhaa, mstari wa mita 60 nao unapanda mita 5. Ukanda wa kujengea unabaki mita 10, na nyumba iliyojengwa kihalali mwishoni mwa zile mita 15 inajikuta imevuka mpaka bila kusogea hata inchi moja. Ndiyo maana mtu makini anayenunua kwenye kona ya mto hatosheki na mita 60. Huacha nafasi ya ziada, na katika upande unaoliwa huacha nafasi kubwa zaidi.

Ziwa lenye kumbukumbu ndefu

Geita, ambayo ilikuwa mkoa kamili mwaka 2012, ina tatizo la aina nyingine. Sehemu kubwa ya kaskazini yake, ikiwamo Chato, inapakana na Ziwa Victoria. Mvuto wa ufukwe unajulikana: uvuvi, hoteli ndogo, bustani za umwagiliaji na hewa safi. Mita 60 za ufukwe zinaonekana rahisi kupima kuliko za mto, kwa kuwa maji yapo mwaka mzima.

Lakini maji hayo hayakai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Miongo iliyofuata lilishuka polepole, na mwaka 2006 lilifika chini kiasi cha kutikisa uzalishaji wa umeme nchini Uganda. Kisha likageuka. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita kwa sentimeta moja rekodi ya mita 13.41 iliyodumu tangu 1964, na mwaka 2024 ziwa likapanda juu zaidi ya hapo. Mashamba, nyumba na mialo ya samaki katika nchi zote tatu zinazolizunguka yaliingiliwa na maji.

Kwa mnunuzi, somo liko kwenye mteremko. Pale ambapo ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 50 za kuingia nchi kavu, ziwa likipanda mita 1 ufukwe unasogea mita 50. Mtu aliyenunua mwaka 2006, akapima mita 60 kwa uaminifu kutoka majini na kujenga mara baada ya mstari, kufikia 2020 angeweza kuwa na maji mlangoni. Hakuvunja sheria siku aliyojenga. Alipima kutoka kwenye ziwa lililokuwa limeshuka, akadhani hicho ndicho kimo chake.

Kinga hapa ni kuwauliza wazee wa kijiji maji yalifika wapi nyakati za mafuriko makubwa, na kutafuta alama zake: mstari wa mchanga na makombe ya konokono ndani ya nchi kavu, matete yanayoota mbali na ufukwe, miti mikubwa iliyokauka ikiwa imesimama. Mita 60 zinapaswa kuanzia hapo. Pasipo alama, kipimo cha kimo cha ardhi kinachofanywa na mpimaji ni gharama ndogo ikilinganishwa na msingi wa nyumba.

Nani amemfuata mwenzake?

Barabara ndiyo inayowavuta wanunuzi wengi zaidi katika ukanda wa dhahabu. Kiwanja cha mbele ya lami ni duka, gereji, nyumba ya wageni na stoo ya mazao kwa pamoja. Barabara ya kutoka Usagara kupita Geita kuelekea Chato na Kagera, ile ya Mwanza hadi Shinyanga na Tinde, na ile ya Isaka kupita Kahama kwenda Lusahunga zimezaa miji midogo katika vituo ambavyo zamani vilikuwa mti na kibanda cha chai. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeongeza mvuto wa upande wa Geita.

Kauli inayosikika katika kila mgogoro wa hifadhi ya barabara ni ile ya kutofautisha waliofuata barabara na waliofuatwa na barabara. Ni kauli ya mtaani, lakini imebeba kiini cha sheria. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 baada ya barabara kuwapo ameifuata barabara. Hupewa X nyekundu na huondoka bila fidia. Aliyekuwa kihalali nje ya mita hizo, kisha hifadhi ikapanuliwa hadi mita 30, amefuatwa na barabara. Ukanda wake wa mita 7.5 huwekewa X ya kijani, na eneo likihitajika kwa ujenzi hulipwa fidia.

Tuone hesabu yake. Kiwanja kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 40, na jiwe la mbele liko mita 18 kutoka katikati ya barabara ya mkoa. Kutoka mita 18 hadi 22.5 ni mita 4.5, ukizidisha kwa upana wa 20 unapata mita za mraba 90 zilizomo katika hifadhi ya zamani. Hizo si za muuzaji na hazijawahi kuwa zake. Kutoka mita 22.5 hadi 30 ni mita 7.5, sawa na mita za mraba 150 zenye rangi ya kijani. Jumla ni mita za mraba 240 kati ya 800, na hizo ndizo za mbele, ambazo kwa ajili yake bei ilipandishwa. Fremu za maduka zikijengwa pale kwenye jiwe la mbele, zote zimo ndani ya hifadhi.

Mnunuzi wa leo anapaswa kuielewa vizuri nafasi yake katika ukanda wa kijani. Haki ya fidia ilitokana na mtu aliyekuwapo kabla ya mpaka kusogezwa. Anayenunua sasa na kupandisha ghorofa hapo huku mpaka wa mita 30 ukijulikana kwa miaka mingi ana hoja dhaifu ya kudai thamani ya jengo hilo. Ukanda huo ununuliwe kwa bei ya bustani, na utumike kama bustani.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye barabara ambazo bado ni za vumbi. Barabara za wilaya, ambazo tangu mwaka 2017 zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), zina hifadhi nyembamba kuliko barabara kuu na za mikoa zilizo chini ya Wakala wa Barabara (TANROADS). Barabara ikipandishwa kutoka wilaya kuwa ya mkoa, mpaka wake nao unapanuka. Na barabara ya mkoa inapojengwa kwa lami, kama ilivyosubiriwa kwa miaka mingi kati ya Kahama na Geita kupitia Bulyanhulu, wasanifu hunyoosha kona. Katikati ya barabara mpya haiwi tena katikati ya ile ya vumbi. Aliyepima mita 30 zake kwenye kona anaweza kukuta mstari umemsogelea, au barabara yenyewe imepita sebuleni kwake. Huyo amefuatwa na barabara na anastahili fidia, lakini mradi tu awe na ushahidi wa umiliki halali na wa tarehe aliyofika.

Jambo jingine la lami husahaulika kabisa, nalo ni maji yake. Barabara mpya hujengewa tuta, mitaro na makalavati, na maji yaliyokuwa yakisambaa uwandani hukusanywa na kutolewa mahali pamoja. Kiwanja kinachotazamana na mdomo wa kalavati kinaweza kuwa mbali na mto wowote na bado kikapata mto wake kila masika.

Karatasi inathibitisha nini?

Katika sehemu nyingi za ukanda huu, mauziano hufanyika kwa hati ya makubaliano iliyopigwa muhuri wa mtaa au kijiji. Muhuri huo unathibitisha kwamba watu hao walikutana na fedha zikatolewa. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza sehemu ya hifadhi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kumpa mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana. Umeme ukiingizwa na bomba la maji likifika, mnunuzi hujipa moyo kwamba serikali imemtambua. Wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara jijini Dar es Salaam, walikuwa na umeme na maji pia. Mwaka 2017 nyumba zao zilibomolewa kupisha upanuzi, katika eneo ambalo hifadhi yake ni mita 121.5 kila upande. Mwaka huohuo hata jengo la shirika la umeme pale Ubungo lilikumbwa na amri ya kubomolewa sehemu yake. Kabla ya hapo, Desemba 2015 na Januari 2016, wakazi wa bonde la Msimbazi walishuhudia X nyekundu ikifuatiwa na tingatinga.

Katika Shinyanga na Geita pigo la kawaida huja kimyakimya zaidi, wakati wa urasimishaji wa makazi. Wapimaji hupita, ramani huchorwa, na viwanja vilivyomo ndani ya mita 60 au hifadhi ya barabara huachwa nje. Jirani wa juu anapata namba ya kiwanja na baadaye hati. Wa chini anaambiwa eneo lake halipimiki. Nyumba yake haijabomolewa, lakini haiwezi kuwekwa dhamana benki, na mnunuzi mwenye macho hatalipa bei kamili. Thamani imeondoka huku kuta zikiwa zimesimama.

Njia ya kurudi kwa muuzaji ipo kisheria. Mkataba uliofanyika kwa udanganyifu unaweza kutenguliwa, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, wakati yale ya kurejesha ardhi yana miaka 12. Lakini ukanda wa dhahabu una tabia yake. Watu hufuata mlipuko wa dhahabu. Wanapata ardhi, wanaiuza na kuhamia machimbo mengine. Wakati X inachorwa, muuzaji anaweza kuwa Chunya au Kakola, na namba yake ya simu haipatikani. Hukumu dhidi ya mtu asiyeonekana haijengi nyumba.

Mzigo huo una chanzo chake pia. Mji wa Geita umebanwa na vilima, hifadhi ya msitu na eneo la leseni ya mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Shinyanga imebanwa na mbuga. Viwanja vilivyopimwa hutoka pole pole kuliko watu wanavyowasili, na mwenye kipato kidogo husukumwa kwenye ardhi iliyobaki, ambayo mara nyingi ilibaki kwa sababu haifai. Serikali inayochora X bila kwanza kusimika mawe ya mpaka inamwachia mnyonge kazi ya upimaji ambayo yeye hana uwezo nayo. Kigingi cha zege kilichochorwa M60 kando ya mto, au jiwe la hifadhi ya barabara linaloonekana, ni nafuu kuliko tingatinga na humwonya mnunuzi kabla hajatoa fedha.

Kabla ya fedha kutoka

Hadi mawe hayo yasimame, kuna mambo matatu ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya kwa siku chache na gharama ndogo.

La kwanza ni ofisi ya ardhi ya halmashauri. Huko aulize ramani ya mipango miji ya eneo hilo na matumizi yaliyopangwa. Kama kiwanja kina hati, afanye upekuzi katika ofisi ya msajili. Akumbuke kwamba upekuzi humwonesha jina la mmiliki na madeni yaliyosajiliwa; haumwambii mto umefika wapi.

La pili ni mwenye mstari wenyewe. Kwa mto au ziwa, ni bodi ya maji ya bonde: Geita iko katika Bonde la Ziwa Victoria lenye ofisi kuu Mwanza, na maji ya Manonga yanayoelekea Wembere yako katika Bonde la Kati lenye ofisi kuu Singida. Kwa barabara, ni TANROADS au TARURA, kutegemea daraja lake. Swali la kuuliza kwa barabara ni mawili: hifadhi ya sasa ni mita ngapi, na je, kuna usanifu wa kuipandisha daraja au kuijenga kwa lami? Jibu liombwe kwa maandishi.

La tatu ni kuipima ardhi yenyewe, kwa futi ndefu, mbele ya muuzaji na majirani, kuanzia ukingo wa mto uliojaa, kimo cha juu cha ziwa, au katikati ya barabara. Vipimo hivyo viandikwe ndani ya mkataba, pamoja na sharti kwamba muuzaji atarejesha fedha endapo itabainika sehemu imo ndani ya hifadhi. Muuzaji mkweli hatakataa kuandika umbali anaoutaja kwa mdomo. Anayekataa amekwishajibu swali.

Na kama inawezekana, kiwanja kionwe mara mbili: kiangazi kinapotangazwa, na masika mto unapokuwa umejaa. Bei inaweza kupanda kidogo katika miezi hiyo ya kusubiri. Lakini masika ndiyo yatakayomwonesha mnunuzi, bila futi wala ramani, mstari ambao hakuoneshwa siku ya mauziano.